Wasifu wa bodaboda kwenye programu ya usafiri: uanze na usalama au uanze na mitaa?

Dereva wa Mtwara anayejiunga na programu ya usafiri husomwa na watu wawili wasiofanana kabisa. Wa kwanza ni mtu wa usajili, ambaye mara nyingi yuko Dar es Salaam na hajawahi kukanyaga Chikongola. Wa pili ni mteja aliyepo Shangani au Magomeni, anayeona picha yako, namba ya pikipiki na mistari michache, kisha anaamua kukuita au kukupita. Mtu wa usajili anaweza kuhakiki karatasi zako lakini hawezi kujua kama unaijua mitaa. Mteja ni kinyume chake: bima yako hatahangaika nayo, ila ukimwuliza swali la kijinga kuhusu njia ya Mikindani atakujua papo hapo.

Kwa hiyo nimeweka hapa wasifu wa namna mbili, wote wa kijana mmoja, ili aliye mbioni kujisajili aone upi unamfaa. Kabla ya hiyo miwili, tuuondoe njiani ule wa tatu, ambao ndio unaoandikwa na wengi. Kazi yangu ni kuchapa na kujaza fomu za watu steshenari, nimeusoma mpaka basi:

> Mimi ni dereva mzoefu, mchapakazi na mwaminifu. Najali muda na usalama. Naijua Mtwara yote. Nafanya kazi saa 24. Karibuni sana.

Hauna kosa la lugha, wala hauna uongo wa kutisha, lakini hauna pa kushika. Mzoefu wa tangu lini? Mtwara yote ni ipi, manispaa au mkoa mzima mpaka Masasi na Nanyumbu? Na hiyo saa 24 ndiyo inayomharibia zaidi. Yeye ameiandika kuonyesha bidii, ila mtu wa usajili akiisoma anamwona dereva anayeendesha akiwa na usingizi.

Kijana wetu sasa. Anaegesha Soko Kuu, ana leseni ya daraja A tangu 2019, anaendesha TVS HLX 125 ya kwake mwenyewe. Wateja wake wa kudumu ni duka moja la dawa na mama lishe wawili. Mwaka 2022 alianguka peke yake kwenye mchanga, njia ya Naliendele, akachubuka kiwiko. Na ana kitu ambacho wengi hawana: daftari.

Wasifu wa kwanza, unaoanza na usalama

> Dereva wa bodaboda, Manispaa ya Mtwara Mikindani. Nina leseni ya daraja A tangu 2019. Tangu wakati huo sijagongana na chombo kingine wala kumjeruhi mtu. Mwaka 2022 nilianguka mara moja kwenye mchanga, nikiwa peke yangu. Pikipiki ni yangu, TVS HLX 125, ina bima na leseni ya LATRA. Nabeba abiria mmoja tu, na nina helmeti ya pili kwa ajili yake. Sina deni la faini. Nafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, 06:00–20:00. Katika wiki nne zilizopita nilifikisha mizigo 180, na 171 kati yake ilifika kwa muda tuliokubaliana.

Wasifu wa pili, unaoanza na mitaa

> Kituo changu ni Soko Kuu, Mtwara mjini. Chikongola, Majengo, Vigaeni, Ligula, Shangani na Chuno nakufikia bila kuelekezwa sana. Mikindani, Mitengo na Naliendele naenda mchana, mwisho saa 11 jioni. Ukisema "Rufaa" nitakuuliza: Ligula au Kanda? Mzigo wa Msangamkuu naufikisha kivukoni. Napeleka dawa na chakula kila siku, nina boksi lenye mfuniko. Nikiona nitachelewa, napiga simu kabla hujanipigia. Abiria mmoja, helmeti mbili.

Mtu ni yule yule na hakuna alichokizua katika wasifu wowote kati ya hiyo miwili. Kilichobadilika ni nani anasoma. Ukitaka kuiona kwa mkato:

| | Wa kwanza (usalama) | Wa pili (mitaa) |
|---|---|---|
| Msomaji wake | mtu wa usajili | mteja |
| Anachoweza kuhakiki | leseni, bima, LATRA, faini | majibu yako kwenye simu |
| Udhaifu | hausemi unafika wapi | hauna karatasi hata moja |
| Unafaa zaidi | kubeba abiria | mizigo, dawa, chakula |

Tuanze na huo wa kwanza, maana una mitego mingi kuliko unavyoonekana.

Sentensi ya faini ndiyo ya kuangalia kwanza. "Sina deni la faini" na "sijawahi kupigwa faini" ni maneno mawili tofauti, na watu huyachanganya. Mfumo wa polisi wa usalama barabarani unaoangaliwa kwa namba ya chombo unaonyesha deni ambalo halijalipwa. Ukiandika kwamba hujawahi kupigwa faini, umejitwisha mzigo usioweza kuuthibitisha, na ukiwa na risiti ya mwaka juzi mfukoni umeshajikaanga. Andika la deni, na uliangalie siku hiyo hiyo unayotuma fomu. Dereva anaweza kuandikiwa kosa Jumanne, akaamua atalipa mwisho wa wiki, Alhamisi akajaza kwamba hadaiwi. Mtu wa usajili akiingiza namba ya pikipiki anakuta deni, na hapo hata sentensi zako za kweli zinaanza kunuka.

Bima nayo inahakikiwa kwa namba hiyo hiyo ya pikipiki kupitia mfumo wa TIRA, TIRA MIS, ambao hata wewe unaweza kuufungua kwenye simu. Ufungue kabla yao. Wapo waliouziwa stika na wakala wa njiani, mfumoni hakuna kitu. Ni heri uligundue hilo ukiwa steshenari kuliko ukiwa umeshika fomu iliyokataliwa.

Halafu kuna suala la ajali. Wengi huandika "sijawahi kupata ajali" kwa sababu ndiyo inayopendeza. Tatizo ni kwamba neno lenyewe halina mipaka. Kuanguka mchangani ni ajali? Kuguswa taa ya nyuma na bajaji pale sokoni ni ajali? Mtu wa usajili akikupigia simu na kukuuliza kwa upole, "Hujawahi hata kuanguka?", ukajibu "aah, mara moja tu", umeshajipinga. Ndiyo maana kijana wetu amesema mambo mawili yenye mipaka ya wazi: hajagongana na chombo kingine, hajamjeruhi mtu. Kisha akataja anguko lake kwa mwaka na mazingira. Binafsi naona hiyo sentensi ya anguko ndiyo inayoipa nguvu ile ya kabla yake. Anayesema lile dogo huaminiwa anaposema kwamba kubwa halipo.

Lakini angalia, kwenye wasifu wa pili anguko halipo, na sioni ubaya. Mteja anayesubiri chips zake hana nafasi ya kuuliza ilikuwaje. Atasoma neno "nilianguka" na kuishia hapo. Taarifa hiyo ni ya mtu mwenye nafasi ya kuuliza swali la pili.

Kuhusu abiria mmoja: huku kwetu kila mtu anajua mshikaki ni nini, na mteja mama mwenye watoto wawili atakubembeleza uwapakie wote. Ukishaandika "abiria mmoja" kwenye wasifu, umejipa cha kumwonyesha. Ndiyo sababu imebaki kwenye wasifu zote mbili, ingawa kwenye ule wa pili imesogezwa mwisho.

Sasa kile kipande cha 171 kati ya 180. Namba hiyo haikuokotwa. Kijana ana daftari la kurasa za mistari, safu nne: mzigo, muda tuliokubaliana, muda nilioukabidhi, na sababu kama nimechelewa. Wiki nne zikatoa mizigo 180 iliyofika. Tisa kati yake ilichelewa. Toa 9 kwenye 180 unabaki na 171, ambayo ni asilimia 95. Katika hizo 9, mvua ilichelewesha 5, mbili alisubiri chakula kiive jikoni kwa mama lishe, moja pancha, moja mafuta yalimwishia njiani.

Alipoleta daftari alitaka tuzitoe zile mbili za jikoni, kwa kuwa kosa si lake. Nikamwambia aziache. Kwenye programu, saa ikianza kuhesabu haiulizi wali ulikuwa haujaiva kwa sababu ya nani. Akiingia na asilimia aliyoisafisha, mwezi wa kwanza takwimu ya programu yenyewe itamshusha, na wasifu wake utaonekana umetiwa chumvi. Kuna jambo jingine ambalo daftari lake lilikuwa nalo na wasifu hauna: safari 6 alizozikubali kisha akazighairi. Hizo tumeziacha nje ya wasifu, ila nimemwambia akiulizwa azitaje, maana programu nyingi huhesabu kughairi kama jambo la peke yake, mbali na kuchelewa.

Asiyekuwa na daftari asibuni namba. Aandike jambo ambalo mtu anaweza kulithibitisha kwa simu moja: "Napeleka dawa za duka moja la jumla tangu 2023, mwenye duka yuko tayari kunidhamini." Hiyo ina uzito kuliko asilimia isiyo na karatasi nyuma yake. Ila mwombe mwenye duka ruhusa kwanza, asije akapigiwa simu na mtu wa Dar akasema simjui.

Pikipiki ya nani? Hapa ndipo maombi mengi ya huku hukwama, na wasifu wa pili hausemi chochote. Anayeendesha kwa hesabu, anampelekea bosi fedha kila jioni, pikipiki inaweza kuchukuliwa kesho asubuhi. Anayeendesha kwa mkataba yuko nafuu kidogo, lakini kadi bado ina jina la mwingine. Mtu wa usajili akiona jina la kwenye leseni halifanani na la kwenye kadi, anasimamisha. Usisubiri aulize. Andika: "Pikipiki ni ya mkataba, mwenye kadi ameridhia kwa maandishi," na hayo maandishi uwe nayo kweli, yana sahihi yake na nakala ya kitambulisho chake. Sentensi hiyo moja inaongea habari ya kutegemewa kuliko kujiita mwaminifu mara tatu.

Na saa. Kwenye wasifu wa kwanza ameandika 06:00–20:00, kwenye wa pili ameandika saa 11 jioni. Si bahati mbaya. Fomu za programu zinahesabu kwa saa 24 za kwenye simu, na dereva wa kwetu akiulizwa anaanza kazi saa ngapi anajibu "saa 12", anaandika 12:00. Anaanza kuletewa safari kuanzia adhuhuri, asubuhi yote hana kazi, anadhani programu ni mbovu. Kwenye kisanduku cha fomu andika 06:00. Kwenye maneno anayosoma mteja andika saa 12 asubuhi.

Sasa wasifu wa pili. Nguvu yake haiko kwenye orodha ya mitaa. Orodha ya mitaa hata mgeni anaweza kuinakili kwenye ramani ya simu. Nguvu iko kwenye lile swali: Ligula au Kanda?

Kwa asiyeijua Mtwara: zipo hospitali mbili za rufaa. Ile ya mkoa ni Ligula, iko mjini, watu wameizoea miaka na miaka. Ile ya Kanda ya Kusini iko Mitengo, upande wa kwenda Mikindani. Mteja akisema "nipeleke Rufaa" anaweza kuwa na maana yoyote kati ya hizo, na ukibahatisha umempeleka mgonjwa au chakula cha mgonjwa upande usio wake. Kijana wetu anasimulia jinsi mazungumzo yanavyokuwa:

"Kaka, nipelekee hiki kikapu Rufaa."

"Shikamoo mama. Ligula au Kanda?"

"Marahaba mwanangu. Kanda, kule Mitengo. Umefanya vizuri kuuliza."

Na bei inabadilika hapo hapo. Mwenyeji wa Mtwara akisoma swali hilo kwenye wasifu anajua anaongea na mtu wa hapa. Mtu wa Dar akilisoma halimwambii kitu, atapita tu. Ndiyo tofauti niliyoianza nayo.

Msangamkuu ni hivyo hivyo. Kwenye ramani inaonekana iko puani pa Mtwara, ng'ambo ya maji tu, na programu inayopima umbali kwa mstari inaweza kukupa bei ya kuchekesha. Ukweli ni kwamba kuna kivuko katikati, chenye nauli yake na foleni yake. Kwa hiyo amesema anaishia kivukoni. Mteja wa ng'ambo anajua afanye nini: amtume mtu apokee. Hiyo ni ahadi anayoweza kuitimiza kila siku, na akitaka kuvuka watakubaliana wenyewe.

Mipaka ya muda ya Mikindani na Naliendele nayo ina sababu. Mikindani ni kama kilomita 10 kutoka mjini, kwa barabara kuu ya Lindi, na barabara hiyo ndiyo inayopitiwa na malori ya saruji. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, yanaongezeka malori yanayoleta mzigo mjini na bandarini. Pikipiki ya cc 125 yenye boksi, giza, lori linakupita kwenye mteremko: upepo wake peke yake unakutoa kwenye lami. Tena kurudi usiku ni kurudi mtupu, na dereva anayerudi mtupu huwa na haraka. Naliendele kero ni mchanga ukishaacha lami, ambapo gurudumu la mbele linacheza na breki ya mbele ukiishika kwa pupa unakwenda chini. Ndiyo ilivyomkuta 2022. Akiandika "mwisho saa 11 jioni", mtu wa usajili anasoma usalama na mteja anasoma ratiba, kwa maneno manne.

Wapo watakaosema kujiwekea mipaka ni kujinyima safari. Ni kweli, utazikosa baadhi. Lakini safari uliyoikubali usiku ukaighairi ukiwa umefika Mitengo inakushusha nyota na inakupotezea mafuta, ambapo ile usiyoipokea haikugharimu kitu.

Mtwara msimu wa mvua unaanza kuelekea mwisho wa mwaka na kufika mpaka Aprili hivi. Ukijisajili kipindi hicho, badili sentensi moja ya wasifu wa pili: badala ya boksi lenye mfuniko, sema mzigo unafungwa kwenye mfuko wa nailoni kwanza kabla ya kuingia kwenye boksi. Mwenye duka la dawa ataisoma hiyo mara mbili.

Basi uchague upi? Programu ikikupa nafasi mbili, fomu ya maombi na wasifu wa wazi, hakuna cha kuchagua: wa kwanza uende kwenye fomu, wa pili uende kwa wateja. Kwenye fomu mtajie mtu wa Dar umbali badala ya majina, "hadi kilomita 10 kutoka mjini," kwa kuwa kilomita anazielewa. Kwenye wasifu wa wazi usiweke namba ya NIDA, namba ya leseni wala mtaa unaolala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaibana kampuni inayokusanya taarifa zako, ila ukishazibandika mwenyewe hadharani hakuna wa kumshitaki.

Ikikupa kisanduku kimoja, angalia inabeba nini. Ya abiria, tumia wa kwanza, mkia wake uwe lile swali la Rufaa. Dereva wa bajaji naye aanzie hapo hapo, aseme tu idadi ya abiria anaowakalisha kihalali. Ya vifurushi na chakula, tumia wa pili, na usogeze leseni ya 2019 na ile 171 kati ya 180 mwanzoni. Kisanduku kikiwa kidogo sana, kijana wetu tulimbania hivi:

> Bodaboda, Soko Kuu Mtwara. Leseni A tangu 2019, sijamjeruhi mtu. Mizigo 171 kati ya 180 ilifika kwa muda. Mjini saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku; Mikindani, Mitengo na Naliendele mwisho saa 11 jioni. Rufaa: Ligula au Kanda? Nitakuuliza.

Hiyo 171 kati ya 180 ni ya wiki nne zile tu. Baada ya miezi mitatu aifute, aweke ya daftari jipya au aiache programu iseme yenyewe. Na siku akiuza hiyo TVS akanunua Boxer, abadili kadi, bima na LATRA kwanza, wasifu baadaye.